Nimelipia semista ya pili hosteli Kampala, sitasoma semista hiyo. Pesa inarudi?

Nekesa_KLA – 10 Januari, saa 3:12 usiku

Habari za usiku wanajamvi. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kukaa hosteli za Kampala au kuzisimamia.

Mimi ni Mkenya, nasoma Kampala mwaka wa pili. Nakaa hosteli ya mtu binafsi upande wa Kansanga, chumba cha watu wawili, kila mmoja 1,100,000 za Uganda kwa semista. Julai nilitoa 150,000 ya buking, ikahesabiwa ndani ya ada ya semista ya kwanza. Agosti nikamalizia 950,000 na kuweka 100,000 ya dhamana, ile ya vitu vikiharibika. Semista ya kwanza imeisha, sina deni.

Mwisho wa Novemba kastodian, yaani msimamizi wa hosteli, alipita mlango kwa mlango na kuandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp akisema anayetaka kubaki na kitanda chake alipe semista ya pili mapema, la sivyo kitapewa mwingine. Nikalipa 1,100,000 yote tarehe 27 Novemba kwa simu. Ujumbe wa malipo ninao na risiti ninayo. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa 12 Desemba, tukapewa saa 48 tuwe tumetoka. Godoro, jiko la gesi na sanduku viliingia stoo.

Sasa baba amepoteza kazi. Ada ya chuo ya semista ya pili haipo kabisa, kwa hiyo nimeomba chuoni kuahirisha masomo hadi Agosti. Semista inaanza 2 Februari. Jana, tarehe 9, nilimwandikia kastodian kwenye WhatsApp kwamba sitarudi na naomba pesa yangu. Jibu lake: soma fomu uliyosaini. Nimeisoma. Ina mstari mmoja tu kuhusu jambo hili: "Ada ikishalipwa hairudishwi." Haina tarehe yoyote, imeandikwa tu "semista".

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwenzangu wa chumba alipita kuchukua vitabu, akakuta mwalimu mmoja analala kwenye kitanda changu. Anasema yupo tangu 15 Desemba.

Hiyo milioni na laki ni pesa ambayo nyumbani wanaihitaji sana sasa hivi. Nifanyeje?

---

sheria_mwaka2 – 10 Januari, saa 3:40 usiku

Pole dada. Lakini usiwe na hofu, una kesi nzuri mno. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za fedha lazima uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni 500,000. Wewe ulilipa 1,100,000 ya semista ya pili bila kusaini fomu mpya. Maana yake mkataba wa semista ya pili haupo, na wanatakiwa kurudisha kila shilingi. Tena kuna Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, inamlinda mpangaji. Waandikie hivyo, watalegea.

---

Bisimwa243 – 10 Januari, saa 4:05 usiku

Pole sana dada. Mimi nitokaye Bukavu, nilisoma Kampala. Mwaka 2020 serikali ilipofunga vyuo tarehe 20 Machi, nilikuwa nimelipa semista yote na nimelala wiki chache tu. Tuliambiwa tutoke. Vitu vyangu vilibaki ndani, mlango ukafungwa, na mimi nikakaa nyumbani miezi na miezi. Wa mwaka wa mwisho waliitwa Oktoba, mimi sikuwa wa mwaka wa mwisho. Pesa hawakurudisha hata moja. Ila niliporudi, walinipa nusu ya semista bila kulipa, wakasema ni ile niliyolipa mwanzo.

Kwa hiyo dada omba na wewe wakuwekee hiyo pesa mpaka Agosti. Ni rahisi zaidi kuliko kupigania irudi.

---

mzee_wa_bombo – 11 Januari, saa 1:20 asubuhi

Binti yangu, pole na mzigo wa nyumbani. Nilikuwa kastodian miaka tisa, hosteli mbili tofauti, moja Kikoni nyuma ya Makerere na nyingine huko huko Kansanga. Sasa nimestaafu. Nitakuambia mambo yanavyohesabiwa upande wa pili wa kaunta, maana mwanafunzi huona pesa moja, sisi tulikuwa tunaona pesa tatu.

Ya kwanza ni buking. Kazi yake ni kushika kitanda kabla semista haijaanza, nikifukuza wateja wengine kwa ajili yako. Buking yako ya Julai imeshafanya kazi hiyo. Imekwisha, usiidai.

Ya pili ni dhamana. Hiyo si ya hosteli hata kidogo. Imekaa pale ikisubiri kuona kama umevunja kitu. Usipovunja, inarudi, na ule mstari wa "ada hairudishwi" hauigusi, kwa sababu dhamana si ada. Kastodian mwingi huwa hakwambii hili, anakuacha uamini kila kitu kimezama pamoja.

Ya tatu ndiyo ada ya semista yenyewe, na hapo ndipo penye kazi. Swali la kwanza si kama inarudi. Swali ni hili: inalipia kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani? Fomu yako haina tarehe. Wewe unaona huo ni udhaifu wako, mimi naona ni udhaifu wao.

Fikiri hivi. Ukiwauliza: ile 1,100,000 niliyolipa Novemba inalipia nini, wana majibu mawili tu. La kwanza: inalipia semista ya pili kwa kalenda ya chuo, kuanzia 2 Februari. Kama ni hivyo, basi siku uliyowaandikia, 9 Januari, semista ilikuwa bado siku 24. Hujalala hata usiku mmoja wa ile uliyolipia. La pili: inalipia pia likizo, kwa sababu ndiyo iliyokushikia kitanda tangu Desemba. Kama ni hivyo, basi kitanda kilikuwa chako siku ile mwalimu alipowekwa, na wamekikodisha mara mbili. Hawawezi kushika yote mawili. Wakuchagulie moja, kwa maandishi.

Walimu hao nakueleza kwa nini wapo. Walimu walio kazini husoma shahada zao wakati shule zimefungwa, na Desemba hadi Januari ni msimu mkubwa. Wanakuja kwa wiki chache na wanalipa taslimu. Ndiyo sababu hosteli nyingi zinawapa wanafunzi saa 48 baada ya mtihani wa mwisho. Wanasema ni usafi na kupaka rangi, na kweli rangi hupakwa, lakini kitanda kikiwa kitupu Desemba kina mteja. Nimefanya hivyo mwenyewe na sioni kosa, mradi mwanafunzi ameambiwa wazi kwamba chumba si chake wakati wa likizo na vitu vyake vina mahali.

Mjukuu wangu wa sheria amesema jambo la kweli, ila ameliishia katikati. Mkataba unaozidi 500,000 uwe wa maandishi, ndiyo. Lakini sheria hiyo hiyo inahesabu ujumbe wa simu kuwa maandishi, ilimradi unaweza kuusoma tena baadaye. Kastodian aliandika kwenye kikundi kwamba mlipe semista ya pili, wewe ukalipa, risiti ikatoka. Huo mkataba upo. Na ukienda kusema haupo, utakuwa umejikata mguu: hata hizo hoja mbili nilizokupa hapo juu zitakosa pa kusimama.

---

sheria_mwaka2 – 11 Januari, saa 2:02 asubuhi

Sawa mzee, kwa ujumbe wa simu nakubali, sikufikiria hivyo. Lakini ya wapangaji 2022 je?

---

mzee_wa_bombo – 11 Januari, saa 2:31 asubuhi

Chukua fomu yoyote ya hosteli uisome kwa utulivu. Haikuiti mpangaji, inakuita mkazi. Inasema menejimenti inaweza kukuhamisha chumba, wageni mwisho saa fulani, geti linafungwa saa fulani, ufunguo wa akiba tunao. Mpangaji hahamishwi chumba kwa tangazo la ubaoni. Usimpeleke binti kwenye mlango ambao wataanza kwanza kubishana kama anaruhusiwa kuingia. Sheria ya Mikataba inamtosha.

Na ndani yake kuna jambo linalogusa ule mstari wa "hairudishwi". Mkataba ukitaja kiasi ambacho mtu atapoteza akivunja, kiasi hicho ni kikomo cha juu. Aliyevunjiwa anapewa fidia inayolingana na hasara, isiyozidi hicho. Haandikiwi zawadi. Kwa hiyo mstari huo unawapa haki ya kusema wamepata hasara. Kiasi gani, hilo lazima waonyeshe.

---

Mama_Rehema_Bukoba – 11 Januari, saa 6:15 mchana

Asanteni kwa maelezo. Mimi ni mzazi, niko Bukoba. Binti yangu yuko Makerere, uhandisi mwaka wa pili, na mwaka jana alikuwa bweni la chuo lenyewe. Tulilipa kila kitu pamoja na ada. Sasa amehamia nje, Kikoni. Naona hapa mnasema ukiahirisha pesa inarudi. Basi na mimi naweza kudai ile ya bweni ya mwaka jana, maana aliugua akarudi nyumbani wiki sita?

---

mzee_wa_bombo – 11 Januari, saa 7:40 mchana

Shikamoo mama, na pole kwa ugonjwa wa mtoto. Hapana, hilo ni jambo lingine. Bweni la chuo linaendeshwa kwa kanuni za chuo na pesa yake iko kwa bursa, si kwa mtu binafsi. Na binti yako hakuacha kitanda, aliumwa akarudi. Kitanda kilikuwa chake zile wiki sita. Hata kwa hosteli ya nje, kutokuwepo siyo kuacha.

---

Mama_Rehema_Bukoba – 11 Januari, saa 8:03 mchana

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Basi nisaidie na hili, maana ndilo linalonisumbua hasa. Hosteli ya Kikoni tumelipia semista zote mbili. Sasa wanasema mwezi wa sita kuna risesi na tulipe nyingine 650,000. Nilidhani mwaka mzima tumemaliza.

---

mzee_wa_bombo – 11 Januari, saa 8:55 mchana

Hiyo ni halali mama, ila walipaswa kukuambia Agosti. Semista ya Makerere ni wiki 17: 15 za masomo na 2 za mitihani. Risesi ni kipindi cha tatu, wiki 10, na si kila kozi inayo. Mwanafunzi asiye na risesi anaondoka baada ya mitihani ya semista ya pili, kwa hiyo hosteli haiwezi kuiweka ndani ya ada ya wote.

Bei yake ipime hivi. Kama semista mnalipa 1,100,000 kwa wiki 17, wiki moja ni kama 64,700. Mara kumi inatoka karibu 647,000. Wamekuomba 650,000, hapo hawajakuonea. Wangeomba ada nzima ya semista, hapo ungewauliza wiki saba nyingine zimetoka wapi. Muulize tu binti kwanza kama kozi yake mwaka huu wanakaa chuoni au wanatumwa mafunzo ya kazini. Akitumwa Jinja au Mbarara, atalipia kitanda asichokilalia.

---

Mama_Rehema_Bukoba – 11 Januari, saa 9:10 alasiri

Ah, hilo la kutumwa nje sikuwaza. Nampigia leo.

---

Nekesa_KLA – 11 Januari, saa 1:30 usiku

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Hili la "wachague moja" limenipa nguvu. Bisimwa, asante, ila kuweka hadi Agosti naogopa. Sijui kama Agosti nitarudi hosteli hiyo, au kama nitarudi kabisa. Na pesa tunaihitaji sasa.

Mzee, kwa hali yangu nidai kiasi gani? Na kwa nini yeye Bisimwa hawakumrudishia ilhali kosa halikuwa lake?

---

mzee_wa_bombo – 11 Januari, saa 3:05 usiku

Marahaba binti.

Nianze na Bisimwa kwa kifupi, kwa sababu hali yake na yako ni tofauti sana ingawa zinafanana kwa nje. Yeye na hosteli wote walifungiwa na serikali. Jambo likishindikana bila kosa la upande wowote, sheria inaachilia pande zote mbili, na pesa ya kipindi ambacho hakikufika inaweza kudaiwa, mahakama ikiruhusu gharama zilizokwisha kutumika zikatwe. Wengi hawakudai, walikubali kusogezewa mbele, na wenye hosteli nao walikuwa na madeni ya benki. Alichopewa kilikuwa makubaliano. Wewe ndiye unayejiondoa, hosteli iko wazi na iko tayari kukupokea. Kwa hiyo wewe unadaiwa hasara utakayowaletea. Usiende pale kama aliyedhulumiwa, nenda kama anayetaka hasara ipunguzwe pande zote.

Hasara yao ni nini? Kitanda kukaa kitupu. Hapa ujue kalenda ya kastodian. Vitanda hujazwa wiki mbili tatu za mwanzo wa semista. Baada ya hapo, aliyepata amepata. Agosti ndiyo neema, maana wa mwaka wa kwanza wanaingia kwa wingi. Februari ni kavu, hasa Kikoni. Upande wenu wa Kansanga kuna afadhali, vyuo vya binafsi vya huko vinapokea wanafunzi wapya Januari pia. Wewe umetoa taarifa siku 24 kabla. Huo ni muda wa kutosha wa kupata mtu. Ungeandika mwisho wa Februari ningekwambia useme asante kwa chochote watakachokupa.

Fanya hesabu ndogo uione. Ungekaa wiki tatu ndipo utoke, wiki tatu ni 194,000 hivi, kwenye karatasi zingebaki kama 906,000. Lakini kitanda kisingepata mtu hadi Agosti, na hasara yao ingekuwa karibu hiyo hiyo 906,000. Kwa hiyo ungepata sifuri ingawa umekaa wiki tatu tu. Wewe kwa sababu umewahi, hasara yao inaweza kuwa ndogo kabisa, au isiwepo. Siku moja ya kuwahi kuandika ina thamani kuliko maneno yote ya fomu.

Kwa hiyo andika barua. Iwe ya Kiingereza kwa sababu mwenye hosteli ndiye atakayeisoma, lakini maana yake iwe hii:

> Nililipa 1,100,000 tarehe 27 Novemba kwa semista inayoanza 2 Februari. Tarehe 9 Januari niliwataarifu kwamba sitarudi. Naachia kitanda tangu siku hiyo, mko huru kukigawa. Nakubali mkate 150,000, sawa na buking, kwa usumbufu. Naomba 950,000, na dhamana yangu 100,000 baada ya kukagua chumba. Kama mnaona ada ilianza kabla ya Februari, naomba mnieleze ilianza tarehe gani na nani alikuwa akitumia kitanda.

Mstari wa mwisho usiutie ukali. Uache tu hapo.

Mpe kastodian nakala, akusainie nakala yako kwa tarehe. Lakini hakikisha inamfikia mwenye mali. Kastodian hana mamlaka ya kurudisha pesa, na mara nyingi anaogopa hata kuipeleka ombi. Mimi nilikuwa naogopa.

Halafu tafuta mtu wa kukirithi kitanda. Hii ndiyo dawa kuliko barua. Na hapa sikiliza vizuri: usipokee pesa yake wewe. Wanafunzi wanafanya hivyo kila mwaka, anamuuzia rafiki kitanda, rafiki anavunja dirisha au anahama na ufunguo, na fomu bado ina jina la yule wa kwanza. Mpeleke ofisini, alipe pale, asaini fomu yake, na yako ipigwe mstari na kusainiwa kwamba imefutwa.

---

dorcas_G – 12 Januari, saa 2:18 asubuhi

Mimi ndiye mwenzake Nekesa wa chumba. Nilitaka kuuliza na langu. Kastodian ameniambia kama hapatikani mtu wa pili, nitalipia chumba kizima au nihamie cha watu watatu. Mimi nimeshalipa 1,100,000 yangu. Ni haki?

---

sheria_mwaka2 – 12 Januari, saa 2:50 asubuhi

Dorcas, angalia risiti yako. Imeandikwa kitanda au chumba?

---

dorcas_G – 12 Januari, saa 3:04 asubuhi

Imeandikwa "nafasi moja, chumba cha wawili".

---

mzee_wa_bombo – 12 Januari, saa 4:22 asubuhi

Kijana ameuliza swali lenyewe. Umelipia nafasi moja katika chumba cha wawili. Nafasi ya pili kuwa tupu ni biashara yao. Hawawezi kukudai ya pili. Lakini wanaweza kukuletea mtu usiyemjua, hilo umelikubali ulipolipia chumba cha wawili.

Kukuhamishia cha watu watatu ni mahali pagumu. Fomu nyingi zinaruhusu kuhamisha, na niliwahi kuwahamisha watu. Ila cha watatu kina bei ndogo. Wakikuhamisha, tofauti ya bei ni yako. Wengine hapa wanaweza kusema unaweza kukataa kabisa kuhama. Mimi sitakwambia hivyo, inategemea fomu ilivyoandikwa.

---

Bisimwa243 – 12 Januari, saa 1:45 usiku

Mzee, na kama mwenye hosteli anakataa tu? Kule kwetu walikuwa wanasema nenda mahakamani, wakijua mwanafunzi mgeni hawezi kulipa wakili.

---

mzee_wa_bombo – 12 Januari, saa 2:36 usiku

Wakili hahitajiki, na hata haruhusiwi. Kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi milioni 10. Unajieleza mwenyewe na mwenye hosteli anajieleza mwenyewe. Kwanza unampelekea notisi ya madai ya siku 14. Siku zikipita bila jibu, unaenda kwa karani na nakala ya notisi, risiti na ujumbe. Kansanga iko divisheni ya Makindye, aanzie mahakama ya Makindye.

Niliwahi kupokea notisi kama hiyo mara moja, upande wa hosteli. Tajiri wangu alilipa siku ya kumi na moja ya notisi. Hakuogopa kushindwa, aliona kufunga ofisi siku nzima kwa ajili ya laki sita hakuna faida. Asiyekuwepo nchini ana ugumu, hilo ni kweli, kwa sababu lazima awepo mwenyewe. Kwa hiyo Nekesa, usipande basi la Busia kabla ya kukabidhi barua.

---

Nekesa_KLA – 12 Januari, saa 3:15 usiku

Nipo kwa shangazi Namuwongo. Kesho asubuhi naipeleka.

---

Nekesa_KLA – 29 Januari, saa 12:50 jioni

Nimerudi na habari.

Barua niliikabidhi tarehe 13, kastodian akasaini nakala yangu baada ya kusitasita sana. Namba ya mwenye hosteli nilipewa na askari wa geti. Nilimpigia, nikamsalimu, nikamwambia barua iko ofisini kwake. Hakuwa na habari kabisa. Siku ya tatu akanipigia mwenyewe. Neno la kwanza aliloniuliza ni nani aliyeingiza mwalimu kwenye chumba, kwa sababu kwenye daftari lake hakuna malipo ya mwalimu yeyote chumba hicho. Nilikaa kimya. Sikutaka kumharibia mtu kazi.

Alisema 1,100,000 haiwezi kurudi kabla kitanda hakijapata mtu. Tulikubaliana 900,000, si 950,000, na akaandika ujumbe wa WhatsApp wenye kiasi na masharti. Dorcas ndiye aliyepata mtu, msichana kutoka Goma aliyeingia chuo mwezi huu. Jana alilipa ofisini na kusaini, na fomu yangu ikafutwa mbele yangu. Leo nimepokea 600,000. Iliyobaki 300,000 tumeandikiana 15 Februari.

Dhamana ndiyo imeleta shida. Wamekata 20,000 ya kitasa, hiyo nakubali, kitasa kilikwama nikiwa mimi. Lakini wanataka kukata tena 40,000 ya rangi ya ukuta karibu na dirisha. Ule unyevu ulikuwepo nilipoingia Agosti. Tatizo sina picha, wala sikuandika popote.

---

sheria_mwaka2 – 29 Januari, saa 1:20 usiku

Hongera dada! Kwa rangi, ukuta kuchakaa kwa kukaliwa kawaida si uharibifu. Usikubali.

---

mzee_wa_bombo – 29 Januari, saa 2:48 usiku

Mungu ni mwema. Umefanya vizuri kunyamaza kuhusu mwalimu.

Kuhusu rangi, kijana amesema sawa lakini bila picha ni neno lako na lao. Jaribu hivi: unyevu unaotoka nje ya ukuta unaacha ramani ya manjano na rangi inavimba na kumomonyoka kama unga, na huanzia chini au pembeni mwa fremu ya dirisha. Uchafu wa mtu ni wa juu juu, unafutika kwa kitambaa. Mwambie Dorcas apige picha ya karibu, pia ukuta wa nje sehemu hiyo hiyo, na chumba cha juu yake kama kina alama kama hiyo. Kikiwa nayo, hawana la kusema. Kastodian akikataa bado, ni 40,000, pima mwenyewe kama inafaa nauli zako.

---

dorcas_G – 30 Januari, saa 2:11 asubuhi

Nimepiga. Nje kuna bomba la maji ya mvua lililopasuka mahali hapo hapo. Chumba cha juu wamesema wataniruhusu kuingia jioni. Nekesa nimekutumia.

---

Mama_Rehema_Bukoba – 30 Januari, saa 4:30 asubuhi

Nilimuuliza binti. Kozi yao mwaka huu risesi wanakaa chuoni wiki zote, kwa hiyo tutalipa. Lakini hosteli imekataa kuandika tarehe ya kutoka kwenye risiti, wanasema "mwisho wa risesi" inatosha. Mzee, nikubali?

---

mzee_wa_bombo – 30 Januari, saa 6:05 mchana

Usikubali mama. Waambie waandike siku ya mwisho, hata kama ni kwa kalamu pembeni, na muhuri juu yake. Wakikataa kabisa, binti awaandikie ujumbe yeye mwenyewe: "Nimelipa 650,000 kukaa kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii," na akitumiwa jibu lolote, hata "sawa", aupige picha na kuihifadhi.